Mji Ukipimwa kwa Miraba

Mwezi Novemba 2025 Umoja wa Mataifa ulitoa toleo jipya la ripoti yake ya ukuaji wa miji duniani, na Tokyo, iliyokuwa imekaa juu ya orodha ya majiji makubwa kwa miaka mingi, ikashuka hadi nafasi ya tatu. Jakarta ilishika nafasi ya kwanza ikiwa na karibu watu milioni 42, ikifuatiwa na Dhaka yenye karibu milioni 37. Katika toleo la 2018 la ripoti hiyohiyo, Jakarta ilikuwa na watu kama milioni 10 na nusu tu. Hakuna jiji linaloweza kuongeza watu milioni 31 katika miaka saba. Kilichobadilika ni mpaka. Hesabu ya zamani ilifuata mpaka wa utawala wa jiji lenyewe. Hesabu mpya ilifuata nyumba zilivyoungana kutoka Jakarta kwenda Bekasi, Depok, Tangerang na Bogor, bila kujali meya ni nani na wapi mamlaka yake yanakomea.

Hesabu hiyo mpya inatokana na njia ambayo wataalamu wa takwimu wanaiita kiwango cha umiji. Inaigawa nchi kavu yote ya dunia katika miraba ya kilomita moja kwa moja, inahesabu watu waliomo katika kila mraba, kisha inaamua kama hapo ni jiji, mji mdogo au shamba. Haiulizi sheria inasemaje. Kuelewa kwa nini watu wazima walikaa wakaamua kupima miji hivyo, inabidi kurudi nyuma kidogo, kwenye karne ambayo serikali zilianza kuhesabu watu wake kwa bidii.

Ufaransa ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuweka kipimo. Mwaka 1846 ilikubali kuwa wilaya ndogo ya utawala ni ya mjini kama watu 2,000 wanaishi pamoja katika makazi yake makuu. Ujerumani nayo ilitumia 2,000 baada ya kuungana mwaka 1871, na kwa muda kiwango hicho kikaonekana kana kwamba kitakuwa cha dunia nzima. Hakikuwa. Marekani ilitumia 2,500 tangu sensa ya 1910, ikakaa nacho zaidi ya karne, na kwa sensa ya 2020 ikapandisha hadi watu 5,000 au nyumba 2,000. Denmark inaridhika na watu 200. Japani, kwa upande mwingine, haikuita mahali jiji kisheria mpaka pafikie 50,000. India inataka mambo matatu kwa pamoja kwa mahali pasipokuwa na hadhi ya mji kisheria: watu 5,000, msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wanaofanya kazi wawe nje ya kilimo. Nchi nyingine hazina hesabu kabisa. Mji ni pale serikali iliposema ni mji.

Afrika Mashariki ilirithi huo utaratibu wa mwisho. Sheria ya Miji ya Tanganyika ya mwaka 1920 ilimpa Gavana mamlaka ya kutangaza mahali kuwa mji kupitia gazeti la serikali, na tangazo hilo lilileta kanuni za ujenzi, usafi na viwanja. Waliokuwa wakiishi hatua chache nje ya mpaka, mara nyingi Waafrika waliokuja kutafuta kazi, walibaki nje ya mji kwa maana ya sheria. Baada ya uhuru mfumo ulibadilishwa majina na ngazi, lakini mantiki ilibaki. Tanzania ya leo ina mji mdogo, mji, manispaa na jiji, na kila hadhi inatolewa kwa uamuzi wa serikali. Chini yake, kata ya mjini hugawanywa katika mitaa, na kata ya vijijini katika vijiji na vitongoji. Mtu anaweza kulala mkazi wa kijiji akaamka mkazi wa mtaa bila kuongezeka hata nyumba moja.

Kenya imeonyesha jambo hilo waziwazi. Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya 2011 ilitaka wakazi 500,000 ndipo mahali paitwe jiji. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa na kiwango kikashushwa hadi 250,000. Nakuru ikawa jiji Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024. Wakazi wa miji hiyo hawakufanya kosa kushangilia, kwa kuwa hadhi ina fedha na mamlaka ndani yake, lakini ni wazi kwamba kilichoshuka ni kiwango.

Maofisa wa takwimu si wajinga. Wanajua kwamba mpaka wa halmashauri si mpaka wa mji. Ndiyo maana sensa za Tanzania zimekuwa zikiainisha maeneo ya kuhesabia watu moja moja ndani ya kata, na kukubali kuwepo kwa kata za mchanganyiko, zenye sehemu ya mjini na sehemu ya vijijini. Jiji la Dodoma lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,500 na lilikuwa na watu 765,179 katika sensa ya 2022. Ukigawa watu kwa eneo lote unapata karibu watu 300 kwa kila kilomita ya mraba, yaani msongamano wa nchi ya wakulima, kwa sababu ndani ya jiji hilo kuna mashamba ya zabibu na mtama na vilima visivyo na mtu. Wastani huo haukuambii lolote kuhusu mitaa ya mjini kama Majengo na Area C. Lakini kamati za wilaya na mkoa ndizo zilizosaidia kuamua eneo gani liitwe la mjini, na kamati mbili zikikaa katika wilaya mbili hazitaona sawasawa.

Kwa hesabu hizo, Tanzania ilikuwa na asilimia 6.4 ya watu wake mijini mwaka 1967 na karibu asilimia 35 mwaka 2022. Ndani ya nchi moja mwelekeo huo unaaminika. Tatizo linakuja pale mtu anapochukua asilimia ya Tanzania akaiweka kando ya ile ya Misri na kusema nchi hii imekuwa ya mijini kuliko ile. Wakati huo halinganishi tena miji. Analinganisha sheria.

Misri ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu mtu anaweza kuukagua kwa penseli. Kwa takwimu zake rasmi, kiasi cha asilimia 43 tu ya Wamisri wanaishi mijini, na kiwango hicho kimekaa hapo kwa miongo. Mjini, kwa Misri, ni mikoa michache kama Kairo na Aleksandria pamoja na makao makuu ya mikoa na ya wilaya. Kila kisichokuwa hivyo ni kijiji, hata kama kina makumi ya maelfu ya watu na maghorofa ya matofali mekundu yaliyobanana. Sasa fikiri: eneo la Misri ni karibu kilomita za mraba milioni moja, na watu wanaozidi milioni 100 wanaishi kwenye takriban asilimia 5 ya eneo hilo, yaani ukingoni mwa Naili na katika Delta. Hiyo ni kama kilomita za mraba 50,000. Gawanya, unapata watu 2,000 kwa kila kilomita ya mraba, na huo ni wastani wa nchi nzima inayokalika, mashamba yakiwemo. Nchi yenye msongamano kama huo kwenye ramani yake yote ya watu inaripotiwa kuwa na wanavijiji wengi kuliko watu wa mjini.

Japani iliuona ugonjwa huu mapema. Baada ya vita, serikali iliunganisha vijiji na miji midogo mingi kuwa majiji makubwa kisheria, na ghafla mashamba ya mpunga yakawa ndani ya majiji. Kwa sensa ya 1960 wanatakwimu wake wakatengeneza kipimo cha pembeni: maeneo ya kuhesabia watu yanayopakana, yenye msongamano wa watu 4,000 kwa kilomita ya mraba, na yanayofikisha jumla ya watu 5,000. Hapo wazo lote lilikuwa tayari: msongamano, kupakana, na jumla. Kilichokosekana ni umbo moja la kupimia, kwa kuwa eneo la kuhesabia watu hubadilika kila sensa.

Umbo hilo lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, na sababu yake ni ya kijiografia. Mwaka 1955 mwanajiografia wa Uswidi, Torsten Hägerstrand, alipendekeza kwamba badala ya kumhesabu mtu ndani ya parokia au manispaa, apewe alama ya mahali nyumba yake ilipo kwenye ramani, halafu mashine zifanye hesabu. Pendekezo lilikuwa limetangulia mashine zenyewe. Lakini Uswidi ilikuwa na haja. Manispaa ya Kiruna ina zaidi ya kilomita za mraba 19,000 na watu wapatao 23,000, hivyo wastani wake ni kama mtu mmoja kwa kilomita ya mraba, ilhali wengi wao wanaishi pamoja katika mji mmoja wa mgodi wa chuma. Wastani wa manispaa unaufuta mji huo kabisa.

Umoja wa Ulaya ulijifunza hilo kwa njia ngumu. Kipimo chake cha kwanza cha kiwango cha umiji, cha mwaka 1991, kilitumia manispaa kama tofali: penye watu 500 kwa kilomita ya mraba palikuwa pa msongamano mkubwa, penye 100 pa kati. Nchi zenye manispaa ndogo kama Ufaransa zilionekana namna moja, na zenye manispaa pana kama Uswidi namna nyingine, hata pale miji ilipofanana. Gridi ya watu ya kilomita moja ilipopatikana kwa Ulaya nzima, ya kwanza ikiwa ya mwaka 2006, Lewis Dijkstra na Hugo Poelman wa Tume ya Ulaya wakakiandika upya kipimo hicho. Toleo lao la gridi likaanza kutumika mwanzoni mwa muongo wa 2010, na mwaka 2017 likaingia katika kanuni za sheria za Umoja wa Ulaya.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza, na ugumu wake uko kwenye vipande vidogo. Kwanza tafuta miraba yote yenye watu 1,500 au zaidi. Unganisha inayogusana ubavu kwa ubavu. Kugusana kwa kona hakuhesabiwi. Kundi likifikisha watu 50,000, hicho ni kitovu cha mji. Mapengo madogo ndani yake, yaliyo chini ya kilomita za mraba 15, yanazibwa, ili bustani kubwa, ziwa au uwanja wa ndege usiutoboe mji. Kingo zenye meno hulainishwa. Pia kuna ruhusa ya kuongeza mraba uliojengwa angalau nusu hata kama hauna wakazi, kwa maana maeneo ya ofisi na viwanda usiku hubaki na walinzi tu. Kisha rudia kazi kwa kipimo cha chini zaidi: miraba ya watu 300 au zaidi, sasa hata inayogusana kwa kona, ikifikisha jumla ya watu 5,000, ni mkusanyiko wa mji. Kilichobaki chote ni vijijini.

Hatua ya pili inarudi kwa binadamu na mipaka yao, kwa sababu bajeti na takwimu nyingi hukusanywa kwa kata au manispaa, si kwa mraba. Kata ambayo angalau nusu ya watu wake wako ndani ya kitovu cha mji inaitwa jiji. Ambayo zaidi ya nusu wako kwenye miraba ya vijijini ni ya vijijini. Zilizo katikati ni miji midogo na maeneo ya msongamano wa kati. Kwa hiyo zinapatikana tabaka tatu, si mbili. Jambo hili dogo ndilo linaloleta kelele zote baadaye.

Mwaka 2016, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi ulipofanyika Quito, Tume ya Ulaya na washirika wake waliahidi kutengeneza kipimo cha dunia. Walioshiriki ni Shirika la Chakula na Kilimo, Shirika la Kazi Duniani, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, na Benki ya Dunia. Machi 2020 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilikiidhinisha kitumike kulinganisha nchi. Idhini hiyo ilikuwa na mpaka wake: kipimo hiki hakiondoi tafsiri ya kila nchi. Nchi inaendelea kutumia yake kwa mambo yake. Gridi ni kwa kulinganisha.

Lakini katika nchi kadhaa za Ulaya, miraba ilijazwa kutoka kwenye daftari za wakazi zenye anwani ya kila mtu. Sehemu kubwa ya dunia haina daftari hizo. Kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kilichoko Ispra, Italia, kilijaza pengo hilo kwa picha za setilaiti: za Landsat zinazorudi nyuma hadi miaka ya 1970, na baadaye za Sentineli zenye macho makali zaidi. Mashine inatambua penye majengo, kisha idadi ya watu ya sensa, inayotolewa kwa wilaya au kata, inagawanywa juu ya majengo hayo. Penye majengo mengi panapewa watu wengi. Sensa inatoa idadi, setilaiti inaamua mahali.

Hapo ndipo mambo yanapoweza kuharibika, na dalili zake zinaonekana kwa mtu anayejua pa kutazama. Chukua kata kubwa ya wafugaji na wakulima katikati ya Tanzania yenye watu 20,000. Nyumba nyingi zimetawanyika, kuta za udongo, paa za nyasi au za tope, rangi ileile ya ardhi inayozizunguka. Picha yenye nukta za mita 30 haizioni. Kinachoonekana ni mabati yanayong'aa ya kituo cha biashara barabarani. Mashine inawachukua watu wote wa kata na kuwamwaga kwenye kituo hicho, na mraba mmoja wenye maduka na gesti tatu unapata watu elfu kadhaa. Mji umezaliwa kwenye kompyuta. Ukitaka kuhakikisha, hesabu mapaa: mraba wenye watu 1,800 na mapaa 40 unadai watu 45 chini ya kila paa. Dalili ya pili ni mstari. Ukiona msongamano unaporomoka ghafla kwenye mstari ulionyooka, ukaufungua mpaka wa kata juu ya ramani na ukakuta unalingana kabisa, unachokitazama ni alama ya karatasi ya sensa. Watu halisi hawapungui hivyo.

Makosa ya picha yanapungua kila setilaiti inapoboreshwa na kila sensa inapokusanya majira ya nukta ya kila nyumba, kama zile za kidijitali za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022. Kwa hiyo hayanisumbui sana. Kinachonisumbua ni jambo ambalo lingebaki hata kama kila mtu angehesabiwa mahali pake halisi, na mahali pa kuliona ni magharibi mwa Kenya.

Kaunti ya Vihiga, kaskazini mwa Kisumu, ilikuwa na watu 590,013 katika sensa ya 2019 kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 564. Hiyo ni watu 1,047 kwa kila kilomita ya mraba, msitu na mito ikiwemo. Kaya ya Vihiga ina wastani wa watu wapatao wanne na kidogo. Tuseme 4.1. Basi kila kilomita ya mraba ina kaya kama 255, na kwa kuwa kilomita ya mraba ni hekta 100, kila kaya ina hekta 0.39, yaani ekari moja pungufu kidogo. Aliyepita Chavakali au Hamisi ameiona ekari hiyo: nyumba, kaburi la babu chini ya mti, mistari ya chai, mahindi yaliyochanganywa na maharage, migomba, ng'ombe mmoja aliyefungwa. Halafu ua, na nyumba ya jirani. Vituo kama Mbale na Luanda ni vya mjini kwa kipimo chochote. Kilichozunguka vituo hivyo, mwenye macho anajua ni shamba.

Sasa weka vizingiti vya gridi juu ya ekari hizo. Kizingiti cha watu 300 ni sawa na kaya 73 kwa kilomita ya mraba, yaani kila kaya ikiwa na ekari tatu na theluthi. Kila nchi ya wakulima yenye mashamba madogo kuliko hapo inavuka kizingiti, na kwa msongamano wa Vihiga inahitaji miraba mitano tu inayogusana ili kufikisha watu 5,000 na kuwa mkusanyiko wa mji. Vihiga ina miraba zaidi ya 500, na karibu yote inagusana. Kwa hiyo kaunti nzima, isipokuwa msitu, inaangukia tabaka la kati. Kisii, yenye watu 958 kwa kilomita ya mraba, inafuata. Sehemu kubwa ya Rwanda pia, nchi iliyokuwa na watu 503 kwa kilomita ya mraba kwa wastani katika sensa yake ya 2022 na ambayo kwa hesabu yake yenyewe ina asilimia 27.9 tu mijini.

Si tabaka la kati tu linalotishiwa. Kizingiti cha jiji, watu 1,500, ni kaya 366 kwa kilomita ya mraba, yaani theluthi mbili za ekari kwa kila kaya. Mashamba ya Vihiga yanagawanywa kwa watoto wa kiume kila kizazi. Ekari moja ikigawanywa mara moja tu kwa ndugu wawili, na kila mmoja akajenga na kuzaa pale pale, msongamano umepita 1,500. Ikitokea hivyo kwenye miraba 34 inayopakana ubavu kwa ubavu, watu 50,000 wametimia na gridi itaandika jiji. Hakuna barabara ya lami iliyoongezeka, hakuna mfereji wa maji taka, hakuna kiwanda. Urithi umegawanywa, basi.

Watetezi wa njia hii wana jibu, na si jibu la kijinga. Wanasema msongamano una matokeo yake wenyewe: watu 1,000 kwenye kilomita moja wanaweza kufikiwa na umeme, zahanati na shule kwa gharama ndogo kuliko watu 50, wawe wakulima au makarani. Choo cha shimo kinachofaa kwenye ekari tano kinakuwa hatari kwenye nusu ekari, kwa sababu kisima cha jirani kiko pale pale. Kwa mtu anayepanga maji na usafi, Vihiga inafanana na mji kuliko inavyofanana na Tabora vijijini. Ukiingiza kazi ya mtu ndani ya tafsiri, kama India, huwezi tena kuuliza kama watu wa mjini wanaacha kilimo, kwa kuwa jibu umeshalifunga ndani ya swali. Hapo nakubaliana nao kabisa.

Nisichokubaliana nacho ni kuunganisha tabaka la kwanza na la pili kisha kutangaza jumla. Njia hii ilipotumika kwa dunia nzima, Dijkstra na wenzake walipata kwamba mwaka 2015 asilimia 48 ya watu waliishi katika majiji na asilimia 28 katika tabaka la kati. Jumla ni 76, na hiyo ndiyo iliyokimbilia vichwa vya habari ikipambanishwa na asilimia 54 ya takwimu za nchi zenyewe. Tofauti hiyo kubwa inatokana zaidi na Afrika na Asia, na ndani yake kuna wanavijiji wa Delta ya Naili wanaoishi kwenye maghorofa pamoja na wakulima wa Vihiga kwenye ekari zao. Wa kwanza walikuwa wamefichwa na sheria. Wa pili wamebebwa na kizingiti. Mtu akikwambia asilimia ya mjini kwa gridi, muulize kwanza kama tabaka la kati limo. Ripoti ya 2025 ilifanya vizuri zaidi: iliyaacha matabaka matatu yakae mbalimbali, asilimia 45 majiji, 36 miji midogo na maeneo ya msongamano wa kati, 19 vijijini.

Ipo ngazi ya pili ya njia hii, iliyotengenezwa kwa ajili ya utata kama huo. Inaligawa tabaka la kati katika miji yenye msongamano mkubwa, miji ya msongamano wa kati, na viunga. Na vijijini inatenga vijiji, makazi yaliyotawanyika na maeneo yasiyo na watu. Kwa vijiji vya Tanzania vilivyokusanywa pamoja katika miaka ya 1970 inafanya kazi nzuri: makazi ya watu 3,000 yaliyopangwa kando ya barabara, yakizungukwa na mashamba matupu, yanaonekana kama yalivyo, kijiji. Vihiga haina bahati hiyo. Viunga, kwa ngazi hiyo, hujumuisha miraba ya mkusanyiko iliyoshikamana na kitovu cha mji, na upande wa kusini ekari za Vihiga zinateremka kuelekea Kisumu bila pengo kubwa la kuzitenga. Mnyororo wa miraba ukishikana hadi huko, mkulima wa chai wa Hamisi ataandikwa mkazi wa kiunga cha Kisumu. Maofisa wa takwimu wa Nairobi wanazo nukta za nyumba za sensa ya 2019 za kujua kama mnyororo huo unashika au unakatika, na unakatikia mraba upi.